F-Stop 0.1 sio sinema, ni kuficha lebo

Wasee wa Blender, leo naongea ukweli na najua kuna wenye watanuna. Zile renda za bidhaa tunaposti kila siku, kopo la mafuta, chupa ya pafyumu, pakiti ya kahawa, nyingi zina ugonjwa mmoja. Kamera iko karibu sana, lenzi ni ileile Blender ilikupea ulipofungua faili, na F-Stop imevutwa chini hadi 0.5 au 0.1 ndio ukungu uwe mwingi. Halafu tunaandika "kisinema" chini yake. Mimi naona hiyo sio sinema. Ni bidhaa yenye mtu hawezi kusoma jina lake.

Na hapa kuna pesa ya mtu. Yule dada anatengeneza mafuta ya shea kwa jiko lake na anauza mtandaoni hakulipi wewe ili watu waseme "wueh, ukungu mtamu." Anakulipa ili mtu akipitisha kidole kwa simu asimame, asome jina, aone ni mililita ngapi, na akinunua apate kitu kinafanana na kile aliona. Hayo mambo matatu yanaamuliwa na namba tatu tu: kamera iko umbali gani, Focal Length ni ngapi, na F-Stop ni ngapi. Msimamo wangu ni kwamba tunazichagua kwa mpangilio wa nyuma-mbele. Tunaanza na ukungu, halafu umbali unajipata tu. Inafaa ianze na umbali, F-Stop ikuje mwisho kabisa.

Tuchukue kopo moja tulifanyie kazi mpaka mwisho. Kopo la mafuta, upana milimita 60, urefu milimita 70, lebo ya karatasi imezunguka mbele. Posti ni ile ya kusimama, pikseli 1080 kwa 1350. Nataka kopo lijaze kama asilimia 70 ya urefu wa picha, nafasi kidogo juu, nafasi kidogo chini. Kwa hivyo pale kopo limesimama, fremu yangu inafaa kuwa na urefu wa milimita 100.

Kabla ya kamera, angalia saizi. Bonyeza N, nenda Item, soma Dimensions. Kama kopo lako lina urefu wa mita 2, hapo ndipo shida yote imeanzia, na ndio sababu ya hiyo 0.1 yako. Kile kisanduku Blender inakupea mwanzo kina mita 2 kila upande, na wasee wengi huanzia hapo na hawarudi kupunguza. Sasa fikiria kopo refu kukuliko. Ukilipiga picha na lenzi ya kawaida kutoka mita nane, kila kitu kitatoka safi, kama vile mtu mzima akipigwa picha kutoka hiyo mita nane uso na masikio yote hutoka safi. Ukungu wa karibu huja juu kitu ni kidogo na kamera iko karibu nacho. Blender inafuata hiyo hesabu kwa uaminifu. Unaweka 2.8, huoni ukungu wowote. Unaweka 1.4, bado. Unaishia 0.1, halafu unawaambia wengine hiyo ndio siri. Hakuna siri hapo. Kopo lako ni tangi la maji, na umelazimisha lenzi iwe na tundu kubwa kuliko lenzi yoyote ya dukani.

Dawa yake ni rahisi. Nenda Scene, kwa Units weka Length iwe Millimeters ndio usome vizuri, punguza kopo mpaka Dimensions ziseme 60, 60 na 70, halafu Ctrl+A, chagua Scale. Kama ulikuwa umeshaweka taa na unazipunguza pamoja na kopo, jua mwanga utakuwa mkali vibaya, juu taa imesogea karibu na nguvu yake haijabadilika. Ukipunguza kila kitu mara 10, nguvu ya taa ipunguze mara 100. Na kwa kamera yenyewe, shusha Clip Start. Mwanzo huwa mita 0.1, yaani sentimita 10, na chochote kiko karibu kuliko hapo kinakatwa. Ukiona kopo limepasuka mbele na unaona ndani yake, sio modeli imeharibika. Ni Clip Start. Iweke sentimita 1 uendelee na maisha.

Sasa umbali. Hii ndio sehemu naona watu wengi wanaamini kitu sio kweli. Wanasema lenzi pana "inavuta" bidhaa na lenzi ndefu "inaibana." Lenzi haifanyi hivyo. Umbali ndio unafanya. Ukiacha kamera mahali ilipo na ubadilishe Focal Length peke yake, unakata tu picha iwe ndogo au kubwa. Umbo la kopo halibadiliki hata kidogo. Linabadilika ukisogeza kamera. Focal Length kazi yake ni kukuambia usimame wapi ndio kopo lijaze fremu.

Na hesabu ni moja tu:

```
umbali = urefu wa fremu × Focal Length ÷ 36
```

Hiyo 36 ni ile namba ya Sensor kwa mipangilio ya kamera, milimita 36. Kumbuka Sensor Fit ikiwa Auto, 36 inashikilia upande mrefu wa picha. Picha yetu imesimama, kwa hivyo upande mrefu ni urefu. Ndio maana ukigeuza picha kutoka ya kulala iwe ya kusimama, fremu inabadilika ghafla na unajiuliza nani ameshika kamera yako.

Tuweke namba. Fremu yetu ni milimita 100. Ukitumia 24, kamera inasimama milimita 67 kutoka uso wa lebo. Hiyo ni pua kwa kopo. Ukitumia 50 unasimama milimita 139, na ukitumia 100 unasimama milimita 278. Fremu zote tatu zina kopo la saizi ileile katikati, lakini makopo matatu tofauti kabisa.

Angalia kifuniko. Ukingo wake wa nyuma uko milimita 60 nyuma ya uso wa mbele. Kwa ile 24, ukingo wa nyuma uko karibu mara mbili ya umbali wa mbele, kwa hivyo unaonekana nusu ya ukubwa. Kopo linakuja kwako kama drumu, limevimba mbele na kusinyaa nyuma. Kwa 50, nyuma inakuwa asilimia 70 ya mbele. Kwa 100 inakuwa asilimia 82, na hapo jicho linatulia. Hicho ndicho kile mtu huona akiwa ameshika kopo kwa mkono na kulitazama kawaida.

Na lebo pia. Kopo ni duara, na ukikaribia sana, pembeni inajificha nyuma ya tumbo la kopo. Kutoka milimita 67 unaona kama digrii 144 za mzunguko wake. Kutoka milimita 278 unaona kama digrii 169. Sasa kama jina la bidhaa limeandikwa refu, zile herufi za mwisho pande zote mbili ndizo unapoteza kwa lenzi pana. Unakaribia kopo ndio lebo ionekane vizuri, na lebo inapotea. Kichekesho.

Kwa hivyo kwangu mimi, kopo la saizi hii ni kati ya 85 na 100. Si ati ni sheria. Ukienda 200, kamera inasimama zaidi ya nusu mita, kifuniko kinakuwa bapa, na kopo linaanza kukaa kama limekatwa kwa gazeti likabandikwa. Na 24 ina kazi yake, kama unataka soda ionekane jitu kwa bango. Lakini kwa kitu mtu anaenda kununua bila kukishika, 24 inadanganya saizi. Mtu anaona drumu, anafungua mzigo anapata kikopo kinatoshea kiganjani, halafu matusi yanaenda kwa dada wa shea butter, sio kwako. Hapo ndipo mimi nasema uchaguzi wa lenzi sio mambo ya ladha pekee.

Sawa, tumesimama. Focal Length 100, kamera milimita 278 kutoka uso wa lebo. Sasa ndio tunafungua Depth of Field.

Kwanza, fokasi inakaa wapi? Njia ya haraka ni kuchagua kopo pale Focus on Object. Nzuri, ila Blender haijui lebo ni nini. Inapima mpaka kwa ile nukta ya rangi ya chungwa, Origin ya kopo, na kwa kopo la duara hiyo huwa katikati, ndani, milimita 30 nyuma ya lebo. Yaani umefokasi kwa mafuta yenyewe. Dalili yake ni rahisi kuiona: kingo za pembeni za kopo zimekatika safi kama wembe, lakini jina la mbele, lile limekuangalia machoni, lina ukungu. Ukiona hivyo, usianze kuzungusha F-Stop. Fokasi iko mahali pabaya.

Njia yangu ni kuongeza Empty, niipe jina Fokasi, niisogeze kwa mkono mpaka pale nataka, halafu niichague pale Focus on Object. Swali ni nataka wapi. Wengi watasema kwa uso wa lebo kabisa. Hapana. Lebo imezunguka. Tuseme maandishi yanaenda digrii 60 kila upande kutoka katikati. Kwa kopo la upana wa milimita 60, mwisho wa maandishi uko milimita 15 nyuma ya uso wa mbele. Ukifokasi mbele kabisa, ukungu wote unaangukia pembeni. Kwa hivyo Empty yangu naiweka milimita 7 hivi ndani ya uso wa mbele, ndio katikati na pembeni wagawane kosa nusu kwa nusu. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini utaona kazi yake saa hii.

Pili, F-Stop. Mwanzo Blender huweka 2.8, na watu wengi wakiona hivyo wanadhani hiyo ni ya kawaida na wanashuka kutoka hapo. Tupime. Kwenye picha yetu, milimita 1 ya kopo ni kama pikseli 13. Maandishi madogo ya lebo, yale ya "150 ml" na viungo, tuseme yana urefu wa milimita 2. Hiyo ni kama pikseli 27 kwa herufi nzima, na mistari yenyewe ya herufi ni pikseli chache tu.

Kwa 2.8, fokasi ikiwa mbele kabisa, kila nukta pale mwisho wa maandishi inatandazwa kuwa duara la pikseli 25 hivi. Herufi ni 27, ukungu ni 25. Hiyo sio herufi tena, ni uji. Ukisogeza fokasi milimita 7 ndani kama nilivyosema, inashuka mpaka 13, lakini sasa hata katikati ina 12. Lebo nzima imelainika. Kwa 8, ukiwa na fokasi hapo katikati, unapata kama pikseli 4 na nusu, na jina kubwa linasomeka lakini maandishi madogo bado yanasumbua. Kwa 16, pikseli 2 hivi pande zote. Hapo mtu anasoma kila kitu kwa simu bila kukunja macho. Basi jibu langu kwa kopo hili ni 16.

Najua mnasema, sasa si hiyo picha itakuwa kavu, kila kitu safi mpaka ukuta? Hapa ndio nataka mtulie. Kwa 16, ukingo wa nyuma wa kifuniko bado una ukungu wa kama pikseli 13. Unauona, laini, vile jicho linapenda. Na ukuta ulio mita 1 nyuma ya kopo una ukungu wa kama pikseli 64. Hakuna mtu atahesabu nyufa zake. Lebo iko safi, nyuma iko laini, na umetumia 16. Ukiwa karibu hivi na kitu kidogo hivi, ukungu unakuja wenyewe. Kazi yako ni kuuzuia, sio kuutafuta.

Na kuna jambo lingine mimi nilipenda sana nilipolipima, juu linaua ubishi wa zamani. Watu husema lenzi ndefu ina ukungu zaidi, kwa hivyo tumia 50 ndio bidhaa iwe safi. Jaribu. Weka 50, sogea mpaka kopo lijaze fremu ileile, acha F-Stop 16. Ukungu pale mwisho wa maandishi ni uleule, karibu pikseli 2. Lenzi imekuwa nusu, tundu lake limekuwa nusu, lakini umesogea pia nusu ya umbali, kwa hivyo mambo yamefutana. Ukishika fremu moja, Focal Length haibadilishi usafi wa lebo kwa kiasi cha kuonekana. Inabadilisha umbo la kopo, na inabadilisha nyuma. Ule ukuta wa pikseli 64 kwa lenzi ya 100 unakuwa chini ya 20 kwa lenzi ya 24. Tena kwa 24 kamera inaona ukuta wa urefu wa mita 1.6, kwa hivyo lazima ujenge chumba kizima nyuma ya kikopo. Kwa 100 inaona kama nusu mita tu. Kipande cha kitambaa na mmea mmoja, umemaliza. Kama kompyuta yako inalia kama jiko la gesi ikirenda, hiyo peke yake ni sababu ya kuchukua lenzi ndefu.

Hapo kuna wenye watasema wapiga picha wa ukweli hufungua lenzi. Wa harusi na wa nyuso, ndio. Lakini mpiga picha wa bidhaa studioni mara nyingi hufanya kazi kati ya f/8 na f/16, na bado ikikosa kutosha hupiga picha kadhaa, kila moja na fokasi mahali tofauti, halafu anaziunganisha. Anahangaika vile juu kamera halisi ina adhabu: ukifunga tundu sana, mwanga unapinda ukipita kwa kitundu kidogo na picha nzima inalainika. Blender haina hiyo adhabu. Ukiweka 22 au 32, hakuna kitu kinaharibika, na wala picha haiwi giza, juu F-Stop ya Blender haigusi mwanga kabisa. Sisi tumepewa bure kitu wenzetu wanalipia na masaa, na tunakitupa tukikimbilia 0.1.

Na ukungu mwingi unaongea, hata kama hujui. Umewahi kuona zile picha za mji zilizopigwa kutoka juu, zikatiwa ukungu juu na chini, matatu na watu wakaonekana kama vya kuchezea? Jicho limejifunza kwamba ukungu mzito mbele na nyuma maana yake ni kitu kidogo sana kiko karibu sana. Ukilitia kopo ukungu wa aina hiyo, ubongo wa mtazamaji unalipunguza mpaka liwe saizi ya kifuniko cha kalamu. Bidhaa ya mtu inakuwa kidoli.

Lakini pia sisemi uzime Depth of Field. Ukiizima, ukingo wa nyuma wa kifuniko unakuwa mkali sawa na wa mbele, na hapo ndipo mtu anasema "hii ni kompyuta" bila kujua kwa nini. Kwa umbali wa sentimita 28 hakuna kamera ya kawaida ingeona hivyo. Iwashe, ila ifanye kazi kimyakimya.

Mahali hesabu yangu inaweza kukusaliti ni kamera ikiinama. Sehemu iliyo safi ni kama ubao bapa uliosimama mbele ya kamera, na kamera ikiinama, ubao unainama nayo. Ukiangalia kopo kutoka juu kwa digrii 10, juu ya lebo inakuwa karibu na chini inakuwa mbali. Kwa lebo ya milimita 45 unaongeza karibu milimita 8 za kina juu ya zile 15. Dalili ni maandishi ya juu safi, yale ya chini yanalainika. Hapo nenda 22, au inua kamera kidogo tu na usiinamishe sana. Na kitu kikiwa kidogo zaidi, kama pete inayojaza fremu ya milimita 30, hata 16 haitoshi. Nenda 32 au zaidi bila aibu.

Kuhusu kupima, usiamini ile mwonekano wa Solid. Ukungu wa kweli uangalie ukiwa Rendered, na kwa picha ya mwisho mimi natumia Cycles, juu inafuata miale ya mwanga kupitia tundu la lenzi na kingo zinatoka vizuri. Halafu angalia kwa saizi kamili, asilimia 100, pale mwisho wa maandishi pande zote mbili, sio katikati. Katikati hudanganya, huwa safi hata mambo yakiwa mabaya. Na kuna zawadi nyingine: ukungu huleta chengachenga, juu kila pikseli inahitaji miale mingi ndio itulie. Kwa 16 lebo yako inatulia haraka kuliko kwa 2.8, kwa hivyo unangoja kidogo.

Kama unataka ukungu mtamu kwa video, kamera ikipita na fokasi ikihama kutoka kifuniko hadi jina, fanya, shuka hata 5.6. Kwa video mtu anapata sekunde ya pili ya kusoma. Picha moja iliyosimama haina sekunde ya pili.

Kwa hivyo mpangilio wangu ndio huu. Saizi ya kweli kwanza. Umbali wa kufanya umbo liwe la haki, ndio huo utakupea Focal Length. Fokasi kati ya mbele na mwisho wa maandishi. F-Stop inayofanya neno dogo zaidi kwa lebo lisomeke, na usishuke hata hatua moja chini ya hapo kwa sababu ya urembo. Tuma renda kwa simu yako, ishike umbali wa kawaida, na mpe mtu hajawahi ona hiyo bidhaa asome ni mililita ngapi. Akisema "mia moja na hamsini" bila kuisogeza simu karibu na uso, kazi imekwisha. Akianza kukunja macho, panda hatua moja urende tena.